Mke ana mimba ya wiki 34, katokwa malengelenge ukeni kwa mara ya kwanza. Daktari anasema operesheni. Ni lazima?

Baba Kijacho

Wakuu habari za jioni. Naandika huku nimekaa garini nje ya nyumba, ndani sijui nikaongee nini.

Mke wangu ana mimba ya pili, wiki 34 na siku mbili. Ijumaa usiku alilalamika anawashwa na kuungua sehemu za siri, Jumamosi asubuhi vikatoka vilengelenge vidogo vimekaa kundi moja upande wa kushoto. Kufika Jumatatu vilishapasuka, vidonda vinauma hata kukojoa anashikilia ukuta. Jumanne tumeenda hospitali, daktari kaangalia kidogo tu akasema ni hepesi. Kaandika asaiklovia ya miligramu 400, mara tatu kwa siku, siku tano. Kisha akasema kwa vile ni mara ya kwanza na mimba imekua, tujipange kwa operesheni, mtoto asipite njia ya kawaida.

Mtoto wa kwanza alizaliwa kawaida bila shida yoyote. Maswali yangu mawili: operesheni ni lazima kweli? Na la pili mnalijua, mimi sijawahi kuwa na kitu kama hicho. Ametoa wapi?

Nguli wa Dirishani

Pole sana mkuu. Mimi nipo duka la dawa mwaka wa tisa huu, hizi kesi naziona kila wiki. Hepesi haiponi, inalala kwenye mishipa ya fahamu na kuamka. Mwenye hepesi yeyote anajifungua kwa kisu, hapo daktari yuko sahihi. Mpe dawa amalize, jiandaeni na bili.

Kuhusu ametoa wapi, mkuu, wewe ni mtu mzima.

Chitemo

Hiyo si mkanda wa jeshi? Mama yangu mdogo ulimtoka kiunoni upande mmoja tu, vilengelenge kundi kundi hivyo hivyo, akapakwa dawa ya kienyeji ukakauka. Na upande wa kushoto umesema.

Mkunga wa Zamu

Chitemo, mkanda wa jeshi ni jamaa wa ukoo mmoja lakini si huyu. Ule unatokana na kirusi cha tetekuwanga. Kwa maelezo ya mleta uzi huyu ni hepesi ya sehemu za siri mpaka ithibitike vingine.

Nguli, nusu ya kwanza uko sawa. Haiponi na inaamka. Nusu ya pili umekosea, na ndiyo inayopeleka wanawake wengi kwenye kisu bila sababu. Wanawake wenye kirusi hiki ni wengi mno katika ukanda wetu, wengi hawajui kama wanacho, na wanazaa kawaida wodini kwetu kila siku.

Baba Kijacho, mimi ni mkunga wa wodi ya leba, hospitali ya mkoa. Simwoni mkeo, kwa hiyo nakupa namna ya kulifikiria, maamuzi mtayafanya na anayemshika kwa mkono.

Daktari wako kasema "mara ya kwanza". Neno hilo lina maana mbili na ndipo mambo yote yamefungwa. Maana ya kwanza: kirusi kimeingia mwilini sasa hivi, wiki chache zilizopita, mwili haujawahi kukutana nacho. Maana ya pili: kirusi kimo miaka mingi, kilikuwa kimya au kilitoa kijikwaruzo ambacho alidhani ni fangasi au wembe, na hii ni mara ya kwanza kuonekana waziwazi. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Mimi nimekosea, na madaktari walionizidi mbali wamekosea.

Kwa mtoto tofauti ni kubwa. Kirusi kikiwa kigeni, mwili wa mama huchukua wiki kadhaa kutengeneza kingamwili na kumpitishia mtoto kupitia kondo. Uchungu ukianza kabla ya hapo, mtoto anapita penye virusi vingi akiwa hana kinga hata kidogo. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa kwa njia ya kawaida katika hali hiyo, 30 hadi 50 wanaweza kuambukizwa. Kirusi kikiwa cha zamani, mtoto ameshapokea kinga ya mama tumboni, na hata kidonda kikiwepo siku ya kuzaa wanaoambukizwa ni kama 3 katika 100 au chini yake. Kidonda kisipokuwepo ni wachache zaidi ya hapo.

Ndiyo maana kwa maambukizi mapya ya miezi mitatu ya mwisho, hasa zikibaki wiki sita au pungufu kufika siku ya kujifungua, operesheni ni ushauri wa maana. Daktari wako hakukurupuka. Kachukua tahadhari bila kuwa na jibu. Swali ni je, jibu linaweza kupatikana kabla ya wiki ya 38? Wakati mwingine linapatikana.

Baba Kijacho

Linapatikanaje? Kachukuliwa damu ya kaswende na VVU tu, vyote hana.

Mkunga wa Zamu

Vizuri kaswende imepimwa, kwa sababu kidonda cha ukeni kwa mjamzito hakiachwi bila kuiangalia. Ila cha kaswende mara nyingi huwa kimoja na hakiumi. Cha mkeo kinaumiza na ni vingi.

Vinatakiwa vipimo viwili kwa pamoja. Kimoja ni swabu ya kidonda chenyewe, ipelekwe maabara ikaseme kama ni kirusi cha aina ya kwanza au ya pili. Swabu isugue kitako cha kidonda kibichi, ndiyo maana nasema kesho na si wiki ijayo. Kikishakauka na kuweka gaga unapata jibu la "hakuna" wakati kimo. Cha pili ni damu, kutafuta kingamwili za aina ya kwanza na aina ya pili kila moja peke yake. Kwenye karatasi itaandikwa IgG. Wakikupa kile cha IgM usikilipie, kinapanda hata kirusi cha zamani kinapoamka, hakikutofautishii kitu.

Halafu unalinganisha. Swabu ikisema aina ya pili na damu ya leo ina kingamwili za aina ya pili, basi hivyo vidonda si vipya, maana kingamwili hazitengenezwi kwa siku nne. Huchukua wiki mbili mpaka miezi mitatu. Swabu ikisema aina ya pili na damu haina kitu, hayo ni maambukizi mapya, na operesheni ya daktari wako inasimama.

Vipimo hivi havipo kila hospitali. Kwetu swabu tunaituma maabara kubwa na majibu hukaa hadi wiki mbili. Mkeo bado ana muda. Mwenye wiki 38 nisingemwambia asubiri.

Dokta Mwanagenzi

Naongezea kidogo kwenye hoja ya mkunga, nipo mwaka wa pili wa kazi. Majibu ya damu huwa na namba. Ikiwa imevuka mstari kidogo tu, usiamini haraka. Inaweza kuwa kosa la kipimo, au kingamwili ndiyo kwanza zinaanza kupanda. Hapo damu inarudiwa baada ya wiki mbili au tatu. Namba ikiruka juu sana, ni mpya. Ikikaa palepale ikiwa juu, ni ya zamani.

Pili wa Morogoro

Samahani kuingilia. Mimi nilitokwa na hivyo nikiwa na wiki 10, sasa nina wiki 29. Na mimi nitapasuliwa? Nilikula dawa vikaisha.

Mkunga wa Zamu

Pili, hata kama ilikuwa mpya wiki ya 10, kufika siku ya kuzaa mwili wako utakuwa umeshatengeneza kinga na kumgawia mtoto. Unahesabiwa na wenye kirusi cha zamani. Waambie kliniki waandike kwenye kadi, uanze dawa ya kuzuia mwishoni, na siku ya uchungu uangaliwe. Bila kidonda unazaa kawaida.

Mama wa Tatu

Mimi sikuwahi kuwa na kidonda maishani. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa vizuri, kilo tatu na robo, siku ya tisa akawa mzito kunyonya. Analala tu. Bibi akasema ni mtoto mpole. Siku ya kumi mkono wa kulia ukaanza kuchezacheza wenyewe. Tulipofika hospitali walidhani ni maambukizi ya kitovu, kuna daktari mmoja akaona lengelenge moja kichwani nyuma ya sikio. Akachomwa asaiklovia ya mshipa kila saa nane kwa siku 21, halafu dawa ya maji miezi sita. Anatembea, anaongea, ila mguu mmoja una shida.

Naandika kwa sababu hapa mnaongelea mwenye vidonda. Mimi sikuwa na cha kuonyesha.

Mkunga wa Zamu

Pole sana dada. Na ni kweli, wengi wa watoto wanaougua mama zao hawakuwa na habari. Mtoto wa chini ya wiki sita akikataa kunyonya, akilegea, akipata homa au mwili ukapoa, au kiungo kikicheza chenyewe, asisubiriwe kesho. Malengelenge yanaweza yasiwepo kabisa.

Nguli wa Dirishani

Nimekubali kuhusu kisu. Lakini basi si anywe dawa mpaka ajifungue virusi viishe? Na je, asaiklovia haimdhuru mtoto? Wateja wangu wajawazito naogopa kuwauzia.

Mkunga wa Zamu

Haivimalizi. Inavizuia kuzaana, ukiacha vinarudi. Ndiyo maana inapangwa mwishoni: miligramu 400 mara tatu kwa siku kuanzia wiki ya 36 mpaka anajifungua. Ni mara tatu kwa kuwa figo za mjamzito zinaitoa dawa haraka. Kuna valasaiklovia ya miligramu 500 mara mbili, bei yake ndiyo tatizo. Kazi ya dawa ni kupunguza uwezekano wa kidonda kutokea siku ya uchungu, na inaupunguza kwa kiasi kikubwa, takriban robo tatu. Haiufuti. Nimewahi kumpokea mama aliyemeza bila kukosa na bado kidonda kilikuwepo.

Usalama wake kwa mjamzito umefuatiliwa miaka mingi, haijaonekana kuongeza watoto wenye kasoro. Ila Nguli, usimuuzie mtu dirishani bila cheti. Si kwa sababu ya dawa. Akipewa kimyakimya, wodi ya leba haijui lolote na siku ya siku hakuna anayemwangalia.

Mpemba Ughaibuni

Asalaam aleikum jamaa. Mimi niko Uingereza, nina ya zamani tangu nikiwa chuo. Mimba ya mwaka jana walinianzishia dawa wiki ya 32, si 36. Nikaingia leba na kidonda kidogo, najua mwenyewe kinavyokuja, kwanza mguu unachoma. Nilimwambia mkunga mwenyewe. Daktari akakaa na mimi akaniambia hatari ipo lakini ni ndogo, chagua. Nikachagua kawaida. Hawakunipasulia chupa, wala mtoto hakuwekewa waya wa kichwani. Tukakaa siku mbili wanamwangalia, mzima alhamdulillahi.

Dokta Mwanagenzi

Hapo mimi sikubaliani. Kidonda kipo siku ya uchungu, chupa haijapasuka, chumba cha upasuaji kipo, mpeleke. Marekani ushauri wao ni huo, kidonda au hata dalili za kuchoma zinazotangulia, operesheni, iwe mpya iwe ya zamani. Watatu katika mia ni wachache kwenye karatasi tu. Soma alichoandika Mama wa Tatu.

Mkunga wa Zamu

Nimesoma. Na Uingereza wanamwachia mama achague, kama alivyosema dada wa Pemba. Wote wana sababu. Upasuaji nao si kikombe cha chai: damu, kidonda kuoza, na mimba inayofuata kondo kukaa juu ya kovu. Wodi yenye mtu wa usingizi usiku kucha na wodi ya kumsubiri mtu wa usingizi atoke mji mwingine si wodi moja. Mimi kwa kidonda cha zamani kilicho mlangoni pa uke, chupa ikiwa nzima na upasuaji uko karibu, namwita daktari ampeleke. Kikiwa pajani au kwenye tako, nafunika kwa plasta isiyopitisha maji anazaa.

Dokta Mwanagenzi

Na chupa ikiwa imepasuka saa sita zilizopita?

Mkunga wa Zamu

Tulifundishwa ndani ya saa nne ndiyo operesheni ina faida zaidi. Baada ya hapo wengine husema wamechelewa, wengine husema bado inapunguza. Kwa maambukizi mapya mimi ningempeleka hata baada ya saa sita. Kwa ya zamani tungebishana, kama sasa.

Baba Kijacho

Wakuu, nimerudi. Swabu ilichukuliwa Jumatano, yaani siku ya tano tangu vitoke, na damu siku hiyohiyo. Majibu yametoka leo, mke yuko wiki 36 na siku moja. Swabu: aina ya pili. Damu: IgG ya aina ya pili ipo, mstari wao ni 1.1 na yeye ana 6.8. Aina ya kwanza pia ipo.

Daktari alikaa kimya kidogo, akasema basi hii si mpya, tufute tarehe ya operesheni, aanze dawa ya kuzuia leo. Amesema siku ya uchungu ataangaliwa, kukiwa na kidonda tutaongea upya.

Sasa swali langu la pili limekuwa kubwa zaidi. Kama si mpya, ni ya lini?

Mkunga wa Zamu

6.8 siku ya tano ni ya zamani, sina wasiwasi hapo. Ya lini, hakuna kipimo kinachosema. Inaweza kuwa ya miezi sita iliyopita, inaweza kuwa ya kabla hujamjua. Na inaweza kuwa ulimpa wewe. Kutokuwahi kutokwa na kidonda si ushahidi, nusu ya uzi huu tumekuwa tukiongelea hilo. Ukitaka kujua upande wako pima damu yako. Ukiwa nayo, bado hutajua nani alianza.

Nguli wa Dirishani

Mkuu, ile sentensi yangu ya mwisho ya siku ya kwanza naomba uifute kichwani.

Chitemo

Kwa hiyo mkanda wa jeshi mjamzito hana shida?

Dokta Mwanagenzi

Chitemo fungua uzi wako.

Baba Kijacho

Nilipima. Ninayo. Nimemwambia mke tukiwa tunakula, akasema "kumbe", akaendelea kula. Mengine tutayaongea mtoto akishakuja.

Mama wa Tatu

Umefanya vizuri kumwambia.

Baba Kijacho

Wakuu, mrejesho. Uchungu ulianza Alhamisi saa nane usiku, wiki 39 na siku nne. Kabla ya kumpima njia, nilimwambia nesi wa mapokezi maneno haya: "Ana hepesi ya zamani, anameza asaiklovia tangu wiki ya 36, naomba aangaliwe kwa taa." Alinitazama kama nimetukana, lakini akamwita mkunga mkubwa. Wakaweka taa, wakaangalia mashavu ya uke, mlango wa kizazi, na tundu la nyuma. Wakamuuliza kama anawashwa au anachoma popote. Hakuna. Chupa waliiacha ikapasuka yenyewe, vakyumu haikuguswa. Saa moja na dakika kumi asubuhi tumepata binti, kilo 3.1. Dawa kaacha siku hiyohiyo. Leo ana siku 11, ananyonya mpaka anamuumiza mama yake.

Shida imehamia kwingine. Mama mkwe kashuka kwenye basi leo kutoka Tanga, ana kidonda kimetoka pembeni ya mdomo, kile cha homa. Amefikia mtoto moja kwa moja, anataka kumbusu shavu. Nimemnyang'anya mtoto nikasema anahitaji kubadilishwa nepi. Nepi ilikuwa kavu.

Mkunga wa Zamu

Umefanya sahihi. Kile cha mdomoni ni aina ya kwanza mara nyingi, na mtoto wa siku 11 kinaweza kumuua vilevile. Mkeo anayo kinga ya aina ya kwanza, mtoto amepata yake, hiyo inasaidia, lakini usiitegemee. Mkwe asimbusu mpaka gaga lidondoke na ngozi ijifunge, anawe mikono kabla ya kumshika, asijiguse kidonda.

Baba Kijacho

Nani atamwambia? Mimi ni mkwe wake.

Mpemba Ughaibuni

Mwambie mkeo amwambie mamake.

Baba Kijacho

Mke wangu amelala. Na mimi bado nimemshika mtoto, nepi ya pili hii.